Takwimu zisizo na mwenyewe zisifike ubaoni

Mwezi uliopita mwalimu mwenzetu kijana alinionyesha slaidi 14 za somo la jiografia kuhusu Ziwa Tanganyika. Zilipendeza kwa rangi na picha. Alikiri kwamba chombo cha akili bandia kilimwandalia kwa dakika chache, akaniomba nizipitie kabla hajawasha projekta mbele ya darasa.

Sina ugomvi na chombo hicho. Mpangilio wake wa somo ulikuwa mzuri. Lakini mwanafunzi wetu hana kitabu cha kulinganishia. Anachokiona ukutani anakinakili, na mwisho wa mwaka anakirudisha kwenye karatasi ya mtihani. Ndiyo maana tuliketi saa mbili nzima, slaidi baada ya slaidi.

Tulianza na namba. Tulizungushia kila tarakimu duara kwa kalamu, na kila duara nikaliuliza swali moja: nani alikuhesabu? Slaidi ya 5 iligawa ziwa hivi: Kongo asilimia 45, Tanzania 46, Burundi 8, Zambia 6. Jumlisha, ndugu msomaji. Ni 105. Sehemu ya Tanzania ni 41, na hapo hesabu inafunga 100. Kosa la namna hii hukamatwa kwa kalamu tu, bila maktaba.

Slaidi ya 8 ilikuwa na hatari zaidi. Ilidai kuwa asilimia 73.4 ya kaya za pwani ya ziwa huishi kwa uvuvi, "kwa mujibu wa utafiti wa hivi karibuni". Utafiti gani, wa mwaka gani, ukurasa wa ngapi? Kijana akasema, "Mwalimu, ngoja nikiulize chenyewe." Kikampa jina la ripoti. Tuliitafuta ripoti hiyo kwenye tovuti ya taasisi iliyotajwa, haikuwepo. Chombo hiki hakichungulii daftari la takwimu kila kinapoandika, bali hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Penye nafasi ya asilimia huweza kuweka asilimia, na penye nafasi ya chanzo kikaweka kitu kinachofanana na chanzo. Kwa hiyo shahidi hawezi kuwa yeye yule mshtakiwa. Namba tusiyoiona kwa macho yetu kwenye chanzo chake tuliifuta.

Kisha tukaja kwenye maneno matupu. Slaidi ya 11 ilisema: "Ziwa Tanganyika ni rasilimali muhimu inayohitaji ushirikiano wa wadau wote kwa maendeleo endelevu." Nikamwambia aondoe jina la ziwa aweke msitu wa Kibira. Sentensi ilisimama vilevile. Akaweka barabara, nayo ikasimama. Sentensi inayofaa kila kitu haijasema kitu. Mahali pake tuliandika kwamba mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Mtoto wa mvuvi anaikumbuka miezi ile.

La mwisho lilikuwa mtindo, ambalo wengi huliona dogo. Slaidi ya 3 ilimtaja mgebuka, ya 10 ikamtaja mukeke. Ni samaki yuleyule: Kigoma wanamwita hivi, Bujumbura hivi. Mwanafunzi angehesabu samaki wawili. Tulichagua mukeke, tukabadilisha kote.

Kina cha ziwa kiliandikwa mita 1,470 kwenye slaidi ya 2, na 1.470 kwenye slaidi ya 9. Hapa naomba niseme kwa uchungu. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, niliyesomeshwa Tanzania, ambako mkato hutenga maelfu. Niliporejea Burundi mwaka 2008, nilimkosesha mwanafunzi alama kwa kuandika 2,500. Niliisoma elfu mbili na mia tano. Kumbe kwa desturi ya Kifaransa anayofundishwa, mkato hutenga desimali, naye alimaanisha mbili na nusu. Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyemwonea. Kwa mtoto kama huyo, mita 1,470 ni kina cha kufika kidevuni. Tuliandika 1 470 kwa nafasi, bila mkato wala nukta, katika slaidi zote.

Kati ya slaidi 14 zilibaki 9. Kijana alisikitika kidogo, kwa sababu somo lilionekana limepungua. Nilimjibu kwamba tano zile hazikuwa somo. Ukaguzi huu una mpaka wake pia: unakamata kilichoandikwa vibaya, haukuonyeshi kilichosahaulika. Hicho hukijua mwalimu anayelifahamu ziwa, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa chombo.