Asilimia 20 za Waraka wa Bodi

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida. Menejimenti inaishauri bodi ikubali mtambo wa pili: bilioni 10 za shilingi zitoke leo, bilioni 3 taslimu ziingie kila mwaka kwa miaka 6, na gharama ya mtaji ni asilimia 16. Waraka umeandikwa kwa kujiamini. Tuyapitie madai yake.

Dai la kwanza ni kwamba mradi unaongeza thamani ya milioni 1,054. Hesabu ni sahihi kwa kilichohesabiwa, ila ghala limesahaulika. Alizeti ni zao la msimu. Anayetaka kukamua mwaka mzima hununua mbegu nyingi ndani ya miezi michache, tena kwa fedha mkononi. Tuseme mtambo mpya unahitaji bilioni 1.5 za kununulia akiba hiyo. Mhasibu atasema fedha hizo zitarudi mradi ukifikia mwisho. Ni kweli, lakini shilingi itakayorudi baada ya miaka 6, kwa asilimia 16, leo ina thamani ya senti 41 tu. Bilioni 1.5 hurudi zikiwa na thamani ya milioni 616, na milioni 884 zimekwenda na muda. Katika ile thamani iliyotangazwa, zinabaki milioni 170.

Dai la pili, kwamba kiwango cha marejesho ni asilimia 20, linaanguka hapohapo. Ukiingiza akiba ya mbegu, kiwango kinashuka hadi asilimia 16.5 hivi, nusu pointi juu ya gharama ya mtaji.

«Ucheleweshaji ni hatari ndogo.» Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Mitambo ikikwama bandarini au umeme ukichelewa kuunganishwa, mapato yanasogea mwaka mmoja wakati fedha zimeshatoka. Hata bila kuhesabu ghala, mradi unageuka hasara ya milioni 471. Waraka umeipa hatari hii mstari mmoja.

«Mbegu zipo za kutosha.» Zipo kwa nani? Mtambo wa kwanza nao unazitaka. Kila gunia linalohamishwa kutoka mtambo wa zamani kwenda mpya halileti mapato mapya, lakini kwenye jedwali limeandikwa kana kwamba limetoka shambani jana. Bilioni 3 zinapaswa kuwa tofauti kati ya kiwanda chenye mitambo miwili na chenye mmoja, basi.

Kwa jambo moja waraka uko sawa: haukujumlisha gharama ya upembuzi yakinifu. Fedha hizo zimeshatumika, bodi ikubali au ikatae.

Ningeurudisha waraka bila kuukataa. Menejimenti ilete mikataba ya mbegu iliyosainiwa na wakulima, ratiba ya mkandarasi yenye faini ya kuchelewa, na hesabu mpya yenye ghala ndani yake.