Satini si uzi, ni namna ya kufuma

Wapenzi, kabla msimu wa harusi haujashika kasi, tukubaliane jambo moja: hakuna uzi unaoitwa satini. Muuzaji anayekwambia "hii si poliesta, hii satini" hajakujibu ulichomuuliza. Nasi tunaridhika, tunatoa fedha za hariri.

Satini ni namna ya kufuma. Kitambaa cha kawaida uzi hupita juu ya mmoja, chini ya mmoja, umebanwa kila hatua. Katika satini huruka juu ya nyuzi nne, hata saba, ndipo uzame chini ya mmoja. Miruko hiyo mirefu ndiyo inayong'aa. Geuza kitambaa uone mgongo wake ulivyofifia. Fuma hivyo kwa hariri, ni satini ya hariri. Fuma kwa poliesta, ni satini ya poliesta. Kwa hiyo msimsumbue bwana harusi kwa sababu bitana ya joho lake inang'aa: walichokatazwa wanaume ni hariri, si mng'aro.

Mruko mrefu haujashikwa na kitu katikati, basi pete ya mawe au ukucha uliopasuka huunasa. Satini zote zina udhaifu huo. Ila uzi wa poliesta ni mgumu kukatika, kwa hiyo huvutika na kukunja kitambaa mstari mzima. Usiukate uliochomoza. Urudishe upande wa nyuma kwa sindano.

Utelezi nao una sababu yake. Nyuzi za poliesta ni laini kama kioo, na katika satini zinabanana mahali pachache. Mtandio ukiteleza tunaongeza pini, na pini ndizo zinazonasa! Vaa kofia ya pamba chini yake, pini mbili zitatosha.

Kwenye gauni ni balaa zaidi. Limebana nyongani, fundi ameacha sentimita 1 ya mshono. Biharusi akikaa, uzi wa cherehani haukatiki, ila nyuzi za kitambaa zinateleza na kuukimbia mshono, vikabaki vijistari vya uwazi huku na huku. Kisha fundi anatukanwa. Mwambie aache sentimita 2, atie bitana ya pamba iliyobana kidogo kuliko gauni ili mvuto ubebwe na bitana. Na kabla ya kununua, shika kitambaa kwa mikono miwili, kivute kwa vidole gumba. Nyuzi zikiachana zisirudi, hicho ni cha gauni pana tu.

Kujua uzi gani, chomoa nyuzi chache pindoni, uzishike kwa kibanio, uziunguze juu ya sahani. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Muuzaji akikunyima hizo nyuzi tatu, mlipe bei ya poliesta.