Neno la Mhariri: Kiambishi cha Yambwa si Pambo

Sentensi hii ni ya kutungwa, lakini inafanana na nyingi zinazofika kwenye meza ya uhariri: "Jana niliona mtoto ameketi chini ya mwembe akikisoma kitabu, nikauliza mtoto alinunua kitabu wapi." Inaeleweka bila shida. Hata hivyo, viambishi vya yambwa vimekosewa ndani yake kwa njia mbili zinazopingana: vimeachwa panapotakiwa, na kimoja kimechomekwa pasipotakiwa. Toleo hili limehaririwa kwa msimamo mmoja, kwamba kiambishi cha mtu kwa kawaida ni sharti la sarufi, ilhali cha kitu kina ujumbe wake na kisiwekwe ujumbe huo usipokuwepo.

Tuanze na mtoto. Kiswahili sanifu husema "nilimwona mtoto", awe anatajwa mara ya kwanza au ya kumi. Wanyama nao wamo, hata jina lao likiwa na umbo la ngeli nyingine: tunasema "nilimwona kifaru", wala hatusemi "nilikiona kifaru". Kinachotazamwa hapa ni uhai, si ile *ki-* ya mwanzo wa neno.

Kitabu kina habari tofauti. "Nimeona kitabu dukani" humpa msomaji kitabu kipya, asichokijua. "Nimekiona kitabu" humwambia kwamba ni kitabu kilekile tunachokijua sote: kilichopotea, kilichoazimwa au kilichotajwa aya iliyopita. Ashton alikwisha kulieleza jambo hili katika sarufi yake ya mwaka 1944, lakini bado tunapokea makala ambamo kila kitu kimebandikwa kiambishi, kana kwamba Kiswahili kirefu ndicho Kiswahili fasaha. Mwandishi anayeanza hadithi kwa "alikifungua kisanduku" humfanya msomaji arudi nyuma kutafuta kisanduku gani. Anayekusudia mshangao huo ana haki nao. Asiyeukusudia aandike "alifungua kisanduku".

Sasa tuirekebishe sentensi yetu: "Jana nilimwona mtoto ameketi chini ya mwembe akisoma kitabu, nikamwuliza alikinunua wapi." Mtoto amepata *-mw-* yake mara mbili, na mara ya pili jina lenyewe halihitajiki tena. Kitabu kimepoteza *-ki-* kwenye "akisoma", kwa kuwa ndiyo kwanza kinaingia. Kisha *-ki-* ikatokea kwenye "alikinunua", maana kitabu kimeshajulikana na jina lake limeachwa. Bila kiambishi, swali lingebaki halina kitu kinachoulizwa.

Kanuni ya mtu nayo ina mipaka, na mhariri mwenye kalamu nyekundu asiivuke kwa pupa. "Amezaa mtoto wa kike" ni Kiswahili safi, na "shule inahitaji walimu" pia, kwa sababu hapa hakuna mtoto wala mwalimu maalumu tunayemjua tayari. Ukisema "shule inawahitaji walimu", msikilizaji huelekea kuwafikiria walimu fulani. Mnyama akishakuwa kitoweo, naye huweza kukosa kiambishi: "tulikula kuku" ni habari ya mlo, ilhali "tulimla kuku" huleta kuku anayejulikana, pengine yule jogoo aliyekuwa akituamsha alfajiri.

Kuna mpaka mwingine unaotokana na kitenzi chenyewe. Nafasi ya kiambishi cha yambwa ni moja tu. Katika "nilimpa mtoto kitabu", mpewa ndiye anayeichukua, na kitabu hakina pa kuingia hata kikiwa kinajulikana sana. Hapo ujulikanaji wake hubebwa na neno jingine: "nilimpa mtoto kile kitabu". Anayeandika "nilikipa mtoto kitabu" amempa kitu nafasi ya mtu, na kosa hilo halitetewi na muktadha wowote.

Liko pia suala la lahaja. Nairobi na sehemu nyingi za bara, "niliona mtoto" ni usemi wa kila siku, na wanaousema wanaelewana vizuri. Mhusika wa hadithi anayeishi huko na azungumze hivyo. Hatumrekebishi ndani ya alama za kunukuu. Msimulizi wa makala ya Kiswahili sanifu ndiye tunayemdai *-m-* na *-wa-*.

Kwa hiyo waandishi watakaolinganisha rasimu zao na kurasa hizi wataona *-m-* zimeongezeka na *-ki-*, *-li-* na *-zi-* kadhaa zimeondolewa. Kabla ya kuondoa, tulirudi aya za nyuma kutazama kama kitu kimeshatajwa au kinaweza kujulikana kwa namna nyingine. Kilipojulikana, kiambishi tulikibakisha. Mwandishi anayeona tumeondoa kiambishi isivyofaa, atuoneshe ni wapi msomaji alikwisha kukutana na kitu hicho, nasi tutakirudisha kiambishi.