Mke Aliyevaa Sare ya Askari
Video ya "If I Were a Boy" ya Beyoncé, iliyoongozwa na Jake Nava mwaka 2008, inastahili kufundishwa kwa vijana wetu, na sababu yake imo kwenye uhariri. Mashairi yanaeleza namna mwanamke angeishi kama angekuwa mvulana, lakini picha hazimvalishi nguo za kiume: anabaki mke, isipokuwa amepewa kazi ya uaskari na uhuru wa mume. Mume anaandaa kifungua kinywa, mke anatoka bila kukila. Baadaye mume anapiga simu, mke anaitazama tu na kuendelea na mwenzake wa zamu. Tazama mkato huo kwa makini: kamera inatoka kwenye uso wa anayesubiri, inaruka hadi kwenye kicheko cha asiyejali, na mtazamaji anaanza kumhukumu mke. Hapo ndipo mtego ulipo. Mwishoni muziki unanyamaza, wanagombana, na katikati ya maneno hayohayo mkato mmoja unawabadilisha nafasi: askari ni mume, anayelia ni mke. Kijana aliyekasirishwa na mwanamke kwa dakika nne analazimika kujiuliza kwa nini vitendo vilevile angemsamehe mwanamume. Kinachonisumbua ni kwamba video inaamini mvulana hujulikana kwa kutojali. Kijana mpole hana nafasi humo, ila akiwa amekaa kwenye kiti cha mke.