Karte ya mkutano isomeke mpaka kwa mama wa nyuma kabisa

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare,

Tumechoka na karte zenye zinakuja kwenye mikutano sawa pambo ya ukuta. Mutu moja anasimama na fimbo, anaonyesha hapa, anaonyesha pale, na watu mia wanaitika ndiyo bila kuona kitu. Karte ikiwa haisomeki, mwenye fimbo peke yake njo anaamua pompi ya maji itachimbwa wapi. Na projekta haisaidii: moto ukikatika, karte nayo inakufa. Sisi tunataka karatasi, kubwa, yenye kila mutu anaweza kuisogelea na kuiwekea kidole.

Vijana wenzetu wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao wenyewe mwaka 2009, na wale wa Tandale, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kuchora tunaweza pia, watu wa kutembea na simu wako. Kazi inaharibika mwishoni, saa ya kuchapa. Tuongee basi juu ya kuchapa, na tuchukue mfano wa mkutano wa maji.

Tuseme sehemu ya mji tunayotaka kuonyesha iko na kilometa 3 kwa upana na 4 kwa urefu. Tukichora sentimeta 1 kwa kila metre 50, picha itakuwa na sentimeta 60 kwa 80. Mashine ya kuchapa karatasi kubwa namna hiyo si rahisi kupata kwetu, lakini yenye kutoa A3 inapatikana. Karatasi 8 za A3, mbili kwa upana na nne kwa urefu, zikibandikwa pamoja na kukatwa kingo nyeupe, zinatosha picha na nafasi ya maelezo chini yake.

Hapa njo mtego wa kwanza. Kompyuta inapenda kupunguza ukurasa kidogo ili uingie ndani ya kingo za mashine. Kwa dirisha la kuchapa, chagua « Taille réelle » ao 100 %, usiache « Ajuster ». Kisha chukua rula ya shule. Mstari wa kipimo wenye kuandikwa metre 500 lazima uwe sentimeta 10 kamili. Ukiwa 9 na nusu, mashine imekudanganya, rudia. Pima pia umbali moja wenye unapita kwenye kiungo cha karatasi mbili, juu gundi inaweza kula nusu sentimeta bila mutu kuona.

Na sababu gani mstari, isiwe namba tu, kama 1:5 000? Juu ya fotokopi. Mutu atachukua karte ndogo ya A4, ataikuza mpaka A3, kila kitu kitaongezeka kwa 141 %. Karte iliyokuwa 1:10 000 inakuwa karibu 1:7 000, lakini namba iliyoandikwa inabaki ile ile, inasema uongo. Mstari wenyewe unakuwa mrefu pamoja na picha, kwa hiyo unaendelea kusema kweli. Sisi tunaondoa namba kabisa. Mstari uwe na vipande vichache: 0, 250, 500. Hakuna mutu anatembea metre 333.

Mstari huo unafanya kazi kwenye mkutano wenyewe. Kata uzi wa sentimeta 10. Kanuni za misaada zenye kuitwa Sphere zinasema nyumba isiwe mbali na maji zaidi ya metre 500. Mama yeyote, hata yule hakusoma, anaweza kuweka uzi kwenye nyumba yake na kuona kama unafika pompi. Lakini usivute uzi moja kwa moja sawa ndege: ulaze juu ya njia, ufuate mikunjo yake. Kati ya mlima na bonde tofauti iko kubwa, na yeye njo anabeba bido ya lita 20.

Herufi sasa. Tunasema hivi: herufi kubwa ya sentimeta 1 inasomeka vizuri kwa metre 3, hata kwa macho yaliyochoka. Kwenye kompyuta hiyo ni ukubwa wa 40 hivi. Zile 12 zenye tunazoea kwenye barua zinatoa milimeta 3, basi tu! Mama aliyeketi metre 8 nyuma anahitaji karibu sentimeta 2 na nusu, na ukiandika kila jina namna hiyo, karte itajaa maneno, njia hazitaonekana. Kwa hiyo lazima kuchagua. Majina ya mitaa yawe makubwa, ukubwa wa 100 na zaidi. Pompi hazipewi majina, zinapewa namba nene: 1, 2, 3. Mwenye kuongoza mkutano anasema « tuangalie pompi ya 7 », na wote wanaiona. Majina yake yanawekwa kwenye orodha pembeni, kwa wale watasogea. Kila andiko lizungushiwe weupe wa milimeta 1, la sivyo linamezwa na mistari ya njia.

Maelezo ya alama, ile tunaita lejandi, yasitegemee rangi. Nyekundu na kijani zikipita kwenye fotokopi nyeusi zinakuwa kijivu kimoja, na pompi iliyokufa inafanana na ile inayotoa maji. Tumia umbo: duara lililojaa ni pompi nzima, duara tupu ni iliyoharibika, pembe tatu ni chemchem. Alama yenye haiko kwenye karte isiwe kwenye lejandi. Andika pia tarehe watu walipita kuhesabu, juu pompi inaweza kufa kesho yake. Na kama njia zimetoka OpenStreetMap, andika « © OpenStreetMap » chini. Sheria yao inaomba hivyo.

Mipaka ya mitaa ao ya vijiji tunashauri isichorwe kama si lazima. Mstari mweusi moja unatosha kugeuza mkutano wa maji kuwa kesi ya udongo, na hakuna mutu atarudi kwenye pompi. Ikiwa lazima, weka nukta-nukta na useme wazi kwenye lejandi kwamba ule mpaka haujakubaliwa.

Alama ya kaskazini ni mshale moja, mwepesi, bila maua. Peke yake haitoshi: nani kati yetu anamwambia mwenzake « pita kaskazini »? Tunasema upande wa Lualaba, njia ya Kindu. Basi kwenye ukingo wa karte, pale kila njia inatokea, andika « kwenda Kindu », « kwenda Kabambare », « kwenda Kongolo ». Na kabla ya kuitundika, ilaze kwanza chini uwanjani, mshale uelekee kaskazini ya kweli: asubuhi, ukiangalia jua linapotoka, kaskazini iko mkono wa kushoto. Watu wazunguke, kila moja atafute nyumba yake na kanisa ao musikiti wake. Dakika kumi zinatosha. Wakisha kujikuta, itundike ukutani.

Wacha kalamu nene mbili hapo pembeni, watu wasahihishe juu ya karatasi yenyewe. Kisha ipigwe picha mbele ya wote, kabla mutu yeyote hajaikunja.