Kabla ya kubadilisha magurudumu

Geti likikwama, unaweza kuanza na magurudumu, lakini mimi ningeanza na chaki. Geti langu hapa Utange ni la kusukuma, refu karibu mita nne, na lilikuwa likikwama katikati. Fundi wa kwanza aliipaka grisi reli nzima. Huku kwetu mchanga ni mwingi, kwa hiyo baada ya wiki ile grisi ilikuwa msasa.

Wa pili alifagia reli, akachora alama ya chaki kwenye kila gurudumu, kisha akasukuma polepole. Alama ya nyuma ilizunguka. Ya mbele ilisimama palepale: gurudumu lilikuwa likiburutwa, upande mmoja umelika bapa. Beringi yake ilikuwa imeshikwa na kutu, na kwa hewa hii ya chumvi hatushangai.

Alisema lingekuwa bado linazunguka na lile bapa, tungesikia kishindo kila baada ya sentimita 25 hivi, kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 8. Lakini geti likikwama mahali palepale kila siku, tazama reli: imebonyea, au kuna kokoto.

Tulinunua magurudumu mawili, si moja, yalingane kimo. Kabla ya kuinua kwa jeki tulilifunga geti kwenye nguzo kwa kamba nene, kwani likitoka kwenye rola za juu linaweza kuanguka na kuua mtu. Na hakikisheni kizuizi cha mwisho wa reli kipo. Changu kilikuwa kimeoza, na sikuwa najua.