Choo Kinachochemka Ghorofa ya Chini

Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini, akaaye ghorofa ya chini katika jengo la familia za askari lenye orofa 12, kuhesabu na ile ya chini. Asema kila asubuhi, majirani wa juu waogapo kabla ya zamu, maji ya choo chake huchemka kama sufuria, na siku nyingine povu la sabuni huchungulia. Jirani yake wa orofa ya kumi ana taabu tofauti: maji ya choo chake hunyonywa kwa mkoromo, kisha uvundo huingia. Fundi aliyeitwa alisema bomba ni jembamba, libomolewe liwekwe nene.

Kabla ya kubomoa, tufanye hesabu. Kanuni za Ulaya ziitwazo EN 12056 hukipa kila chombo kipimo chake cha kumwaga, kwa lita katika sekunde: choo 2.0, sinki la jikoni 0.8, bafu la manyunyu 0.6, beseni la kunawia 0.5. Jumla ya nyumba moja ni 3.9. Bomba hili hupokea nyumba mbili katika kila orofa, yaani nyumba 24, nayo jumla ni 93.6. Lakini watu wa nyumba 24 hawavuti maji kwa sekunde ileile. Kwa hiyo huchukuliwa kipeuo cha pili cha 93.6, ambacho ni karibu 9.7, kikazidishwa kwa 0.5, kipimo cha nyumba za kuishi. Twapata lita 4.8 kwa sekunde.

Kanuni hizohizo huruhusu bomba la milimita 100, lililo wazi juu, libebe lita 4.0 ikiwa matawi yanaingia kwa pembe mraba, na lita 5.2 yakiingia kwa mkunjo laini ulioelekea chini. Bomba ni lilelile. Tofauti ni maungio. Na yakiwa ya pembe mraba, bomba la hewa la milimita 50 likisindikiza lile kubwa, uwezo hufika lita 5.6. Ushauri wa fundi ungekula saruji nyingi bure.

Kwa nini hewa? Maji yashukayo hayajazi bomba; hushika kuta zake na kuacha nafasi ya hewa katikati. Wengi huogopa kwamba maji ya orofa ya 12 hufika chini kwa kishindo cha jiwe. Sivyo, kwani msuguano wa kuta huyazuia, na baada ya mita chache mwendo wake hauongezeki tena. Ila njiani huburuta hewa. Hewa hiyo yapasa kuingia kutoka juu ya paa. Njia ikizibwa, huvutwa kupitia vyoo na mabeseni. Chini kwenye kona, maji hupunguza mwendo na kuwa kama pazia. Hewa hubanwa nyuma yake na kutokea katika choo kilicho karibu. Majirani hawa wawili wana maradhi yaliyo kinyume, katika bomba moja.

Kinachotulinda ni maji ya mtego, yale yakaayo kwenye shingo ya choo, ambayo kina chake ni kama milimita 50 tu. Mwaka 2003, huko Hong Kong, ugonjwa wa SARS uliwapata watu zaidi ya 300 katika majumba ya Amoy Gardens. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba mitego ya sakafu za bafu ilikuwa imekauka, kwa kuwa watu walipiga deki bila kumwaga maji, na feni za bafuni zikavuta hewa chafu ya bomba hadi ndani. Mimina maji katika tundu la sakafu kila juma, hata kama hulitumii.

Katika barua yake mama ametaja kwamba mdomo wa bomba juu ya paa ulizibwa kwa saruji ili ndege wasijenge viota. Hiyo ndiyo dawa ya jirani wa orofa ya kumi: saruji iondolewe, uwekwe wavu wa waya, na mdomo upite kwa milimita 900 dirisha lolote lililo ndani ya mita tatu. Lakini choo cha mama hakitapona kwa hilo. Mwongozo wa Uingereza husema jengo likizidi orofa tano, vyombo vya ghorofa ya chini visiunganishwe na bomba kuu kabisa. Vipewe bomba lao hadi kwenye chemba. Na kona ya chini ifanywe kwa viungo viwili vya nyuzi 45, si kimoja cha 90.

Kazi ikiisha, waombe majirani wawili wa juu wavute maji pamoja, mara kadhaa, kisha pima kwa rula maji yaliyobaki katika mitego. Yakipungua chini ya milimita 25, fundi asilipwe bado.